Mapacha wa usiku wa mwaka mpya, Kulwa wa 2025 na Doto wa 2026: jinsi ya kuandikisha tarehe zao

Kila ikifika Januari swali ni lilelile, linabadilika sura tu. Mapacha wamezaliwa usiku wa mwaka mpya, Kulwa katoka kabla ya saa sita, Doto katoka saa sita imeshapita, sasa tuwaandikishe vipi? Wote tarehe 31? Wote tarehe 1, maana bibi anasema mapacha hawatenganishwi? Au kila mtu na yake?

Kila mtu na yake. Tarehe ya kuzaliwa inafuata dakika ambayo mtoto mwenyewe ametoka, haifuati mimba wala saa ambayo mama alilazwa leba. Kulwa akitoka saa 5:51 usiku ni mtoto wa tarehe 31 Desemba, Doto akitoka dakika 23 baadaye ni mtoto wa tarehe 1 Januari, na kama mwaka umegeuka basi miaka yao ya kuzaliwa ni tofauti, hakuna cha ajabu hapo na hakuna sheria inayovunjwa. Imeshatokea sehemu nyingi duniani. Usiku wa kuamkia 2022 kule Salinas, Kalifonia, hospitali ya Natividad ilipata mapacha, wa kwanza kwenye saa 5:45 usiku na wa pili saa sita kamili, na kila mmoja akaandikwa mwaka wake.

Shida haipo kwenye kuzaliwa, shida ipo kwenye karatasi. Nakaa huku Kirumba, Mwanza, nasaidia majirani kujaza fomu za watoto na kufuatilia vyeti, na karibu kila kesi ya mapacha wa hivi inayonifikia ikiwa imeharibika, iliharibikia usiku uleule wodini, kwenye mstari mmoja wa kalamu, wenyewe wakaja kujua mtoto anapelekwa shule. Kwahiyo mwongozo huu nimeuelekeza hapo kwenye usiku wenyewe na asubuhi yake, ya mbele nitayagusa kwa kifupi.

Vitu vya kuwa navyo kabla

Kadi ya kliniki ya mama, ile RCH 4, na hakikisha imeandikwa wazi kwamba mimba ni ya mapacha. Majina ya baba na mama yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura, beba na kopi. Uwe na kalamu na daftari dogo. Uwe na simu moja, narudia MOJA, yenye saa inayojirekebisha yenyewe kwa mtandao, maana ndo utaitumia kukagua saa ya ukutani. Na awepo mtu mzima mmoja, dada wa mama au mama mkwe au yeyote mwenye utulivu, ambaye kazi yake usiku huo ni kusikiliza muda na kukagua karatasi, sio kupiga picha.

Kama mnatoka visiwani, Ukerewe au visiwa vidogo vya huko, msisubiri uchungu uanze. Mimba ya mapacha inatakiwa ikajifungulie sehemu yenye uwezo wa upasuaji na damu, na usiku wa manane wa tarehe 31 ziwa halina mchezo. Sogeeni mjini mapema, kaeni kwa ndugu karibu na hospitali. Wa Sengerema sasa hivi mna unafuu, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa na kivuko hakisubiriwi tena, ila hata hivyo msije na bodaboda saa tano usiku barabara ikiwa imejaa watu wa mkesha.

Hatua zenyewe

1. Kagua saa ya ukutani ya chumba cha kujifungulia.

Mkifika tu, muulize nesi kwa adabu, "Dada, muda mnaandika kwa saa gani hapa, ya ukutani au ya simu?" Kisha linganisha na simu yako. Saa nyingi za ukutani zinapishana na muda halisi kwa dakika kadhaa, betri ikichoka ndo kabisa. Siku nyingine yoyote dakika nne sio kitu, usiku huu dakika nne zinaweza kumhamisha mtoto mwaka. Ukiona zinapishana mwambie saa hiyohiyo, kabla uchungu haujakolea na kabla hajawa bize, wengi watairekebisha bila neno.

Jambo la msingi ni saa iwe moja kwa watoto wote wawili. Kulwa asiandikwe kwa saa ya ukutani afu Doto akaandikwa kwa simu ya daktari wa zamu. Na msitumie fataki kama saa! Huku mjini baruti, honi na sufuria zinaanza kulia kabla ya saa sita na zinaendelea hadi watu wachoke, mtu anakwambia "alizaliwa baruti zikilia" na hapo anakuwa hajakwambia chochote.

2. Jua ni dakika ipi inahesabika.

Muda wa kuzaliwa ni pale mwili mzima wa mtoto umeshatoka kwa mama. Sio kichwa kinapoonekana, sio kitovu kinapokatwa, sio kondo la nyuma linapotoka. Kwa upasuaji ni vilevile, ni pale mtoto anapotolewa mzima, sio muda mama alipoingia chumba cha upasuaji. Hii inaleta mkanganyiko sana kwa mtoto ambaye kichwa kimetoka saa 5:59 na mwili ukatoka saa 6:00. Huyo ni wa tarehe 1. Na saa sita kamili, ile 00:00 kwenye simu, ni mwanzo wa siku mpya, sio mwisho wa siku ya zamani, kwahiyo aliyetoka saa sita kamili naye ni wa mwaka mpya.

Kwa njia ya kawaida mapacha wengi wanapishana chini ya nusu saa, wakati mwingine zaidi. Kwa upasuaji wanapishana dakika moja au mbili, kwahiyo kupishana mwaka kwa upasuaji ni nadra zaidi ila inawezekana.

3. Usiombe mtoto asubirishwe wala aharakishwe.

Naiweka kama hatua nzima kwa sababu watu wanaomba kweli. Bibi nje ya mlango anasema wavute vute wote wawe wa mwaka mpya, baba anataka wote wawe wa tarehe 31. Hapana. Kulwa akishatoka, mkunga anakuwa na kazi kubwa, anashika tumbo ajue Doto amelala vipi, maana nafasi imekuwa kubwa na anaweza kugeuka akalala kikingamo, anasikiliza mapigo ya moyo, anaangalia kama uchungu umepoa aongeze dripu. Muda huo ukirefuka hatari kwa Doto inaongezeka. Saa ya ukutani haina nafasi kwenye uamuzi huo hata kidogo, mkunga aachwe afanye kazi yake, ninyi mnachotakiwa ni kupokea muda atakaosema.

4. Muda utamkwe kwa sauti, uandikwe palepale.

Muombe nesi msaidizi mtoto akitoka aseme kwa sauti: "Pacha wa kwanza, saa tano na dakika hamsini na moja." Wakunga wengi wanafanya hivyo bila kuombwa. Wewe kama umeruhusiwa kuwepo ndani unaandika kwenye daftari, kama uko nje unaandika ukishaambiwa. Yeye anaandika kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, au hata kwenye kipande cha plasta. Na hapohapo mtoto awekwe alama, plasta mkononi au mguuni yenye jina la mama, namba ya pacha na muda. Baadhi ya wakunga wanabana kitovu cha wa kwanza kwa kibanio kimoja na cha wa pili kwa vibanio viwili ili hata plasta ikidondoka bado anajulikana nani ni nani. Nimependa sana huo utaratibu, kama kwenu haupo uliza kama unawezekana.

Kwanini palepale? Kwa sababu kitabu kikubwa cha uzazi, kile cha MTUHA namba 12, mara nyingi kinajazwa kazi ikishaisha. Mama ameshonwa, watoto wamepimwa uzito, wamewekwa kifuani, saa hiyo ni saa saba au saa nane usiku, nesi yuko peke yake ana wazazi wengine watatu, na ndo anakaa kuandika. Akili ya saa nane usiku inaandika tarehe moja kwa wote wawili kwa mkono mmoja. Wala simlaumu, ila hapo ndo pa kuwepo.

5. Tarehe na saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24.

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye matatizo mengi kuliko pote.

Sisi saa zetu zinahesabiwa kuanzia magharibi na alfajiri. Saa moja usiku ndo usiku unaanza, saa sita usiku ni katikati, saa kumi na mbili asubuhi kumekucha. Kwa hesabu hiyo usiku ni kitu kimoja kizima, hakuna anayesikia kwamba saa sita usiku siku imekatika. Mtu aliyezaliwa saa 6:14 usiku ule, nyumba nzima itasema kazaliwa "usiku wa tarehe 31", na mwenye kusema hajakosea kwa mazungumzo ya nyumbani. Lakini daftari la serikali linakata siku palepale saa sita. Ndo maana kwenye matangazo ya redio utasikia "usiku wa kuamkia tarehe 1", wanaepuka hilo.

Sasa chukua mfano wetu. Kulwa saa 5:51 usiku, Doto saa 6:14 usiku. Inavyotakiwa kuandikwa ni hivi: Pacha 1, 31/12/2025, 23:51. Pacha 2, 01/01/2026, 00:14. Basi.

Na hivi ndo vinavyoandikwa kwa makosa, nimeviona vyote:

Doto anaandikwa 31/12/2025 saa 00:14. Nesi amegeuza saa vizuri ila tarehe ameacha ya jana. Ukiisoma inavyosema, Doto kazaliwa usiku wa kuamkia tarehe 31, yaani saa 23 na dakika 37 *kabla* ya Kulwa. Pacha wa pili amemtangulia wa kwanza kwa karibu siku nzima.

Doto anaandikwa 01/01/2025. Huu ni mkono uliozoea mwaka unaoisha, wote tunafanya hivyo Januari nzima. Matokeo yake Doto ni mkubwa kwa Kulwa kwa siku 364. Hili ndo baya kuliko yote kwa sababu linaonekana sawa ukiangalia haraka, siku ni moja, mwezi ni wa kwanza, macho yanapita.

Kulwa anaandikwa 31/12/2026. Hapa mwandishi amekumbuka kwamba mwaka umebadilika akaubadilisha kwa wote. Tarehe hiyo haijafika, sistimu ikija kuiona inaikataa.

Doto anaandikwa "12:14" bila kitu kingine. Mchana au usiku? Na wengine wanaweka AM na PM wakizigeuza, 12:14 PM ni mchana saa sita na robo kasoro dakika moja. Kwahiyo omba ile ya saa 24 tu, ikiwa 00:14 haina tafsiri mbili.

6. Kagua kwa swali moja: nani mkubwa, na kwa muda gani?

Kabla karatasi haijasainiwa, shika mistari miwili ya watoto wako, toa muda wa Kulwa kwenye muda wa Doto. Jibu linatakiwa liwe dakika chache na Kulwa awe ametangulia. Kwa mfano wetu kutoka 23:51 hadi saa sita ni dakika 9, kutoka saa sita hadi 00:14 ni dakika 14, jumla 23. Linganisha na daftari lako na alichosema mkunga. Ukipata masaa 23, au mwaka, au Doto mkubwa, kuna tarehe imekosewa, mrudishie nesi kwa upole: "Dada samahani, naomba tuangalie hapa mwaka wa Doto." Kosa likirekebishwa usiku huo ni mstari mmoja unaokatwa vizuri na kusainiwa pembeni. Likirekebishwa baada ya miaka sita ni viapo, nauli na miezi ya kufuatilia.

7. Kila mtoto apate karatasi zake.

Tangazo la kizazi, ile karatasi ya kutaarifu kwamba mtoto amezaliwa, moja la Kulwa na moja la Doto. Kadi ya kliniki ya Kulwa, kadi ya kliniki ya Doto, ile namba 1. Msikubali tangazo moja lililoandikwa "mapacha" na tarehe moja, hata kama fomu zimepungua subirini ziletwe. Kila moja iseme huyu ni pacha wa kwanza au wa pili, saa zake, uzito wake na jinsia yake. Chanjo hazitabadilika kwa sababu ya tarehe, ya kifua kikuu na matone ya polio watapewa pamoja, na za wiki sita mtawapeleka siku moja, tofauti ya dakika 23 haihesabiki kliniki.

8. Sajili mapema, wote siku moja.

Mkoa wa Mwanza upo kwenye mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, kwahiyo mnaweza kusajili kituo cha afya palepale au ofisi ya mtendaji wa kata, na cheti hicho cha kwanza ni bure. Fanyeni ndani ya siku 90. Msikae mkisubiri kupata majina mazuri, kama ni Kulwa na Doto ni Kulwa na Doto, kama mna majina mengine yaamueni kabla.

Mkifika kwa mwandikishaji mwambieni mapema kabla hajashika kalamu: "Hawa ni mapacha lakini tarehe zao ni tofauti, mmoja wa mwaka jana mmoja wa mwaka huu." Mkinyamaza, atajaza cha Kulwa afu cha Doto atakinakili kutoka cha Kulwa abadilishe jina tu, ndo kawaida ya mapacha wote anaowaandika. Mkae hapo kaunta muangalie akiandika. Namba ya kila cheti iwe tofauti. Kisha rudieni lile swali la hatua ya 6 kwenye vyeti vyenyewe kabla ya kuondoka.

9. Piga kopi, weka pamoja.

Vyeti viwili, matangazo mawili, kadi mbili, vyote kwenye bahasha moja na picha kwenye simu. Hivi vitu vinathibitishana. Cheti cha Kulwa peke yake ni cheti tu, ila vyeti vyote viwili pamoja na matangazo yenye saa ndo vinaeleza kwanini ndugu wa mama mmoja wamepishana mwaka bila kupishana miezi tisa.

Makosa ya wazazi wenyewe

La kwanza ni kumuomba nesi au mtendaji "wafanane tu". Kutoa taarifa ya uongo kwa msajili ni kosa kisheria, na tukiacha sheria pembeni, wodini kumebaki kitabu chenye saa halisi, kadi ina lingine, cheti kina lingine, na siku mtoto akihakikiwa RITA mtakuwa mnaeleza uongo ambao mliufanya kwa hiari.

La pili ni kugeuza nani Kulwa nani Doto. Huku kwetu ukubwa wa pacha sio jambo dogo, kuna koo zinabishana aliyetangulia ndo mkubwa au aliyemsukuma mwenzake ndo mkubwa. Bishaneni nyumbani. Kwenye karatasi wa kwanza ni aliyetoka kwanza, na kwa watoto hawa kugeuza majina maana yake ni kugeuza mwaka wa kuzaliwa wa mtu.

Mbele ya safari

Shuleni ndo pa kwanza mtakapoulizwa. Kwa sera ya sasa mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na walimu wengi wanapiga hesabu ya haraka ya kutoa mwaka kwa mwaka. Januari 2031 mwalimu atatoa 2025 kwenye 2031 apate 6 kwa Kulwa, atatoa 2026 apate 5 kwa Doto, atasema Kulwa aingie Doto abaki awali. Hesabu hiyo sio sahihi, siku hiyo Kulwa ana miaka mitano na wiki chache, sawa na Doto. Mwaka wao ni 2032, shule ikifungua Januari hiyo Kulwa ametimiza 6 tarehe 31 Desemba na Doto ametimiza 6 siku iliyofuata, wote wamefikisha. Nendeni kuandikisha na vyeti vyote viwili, mwambieni mwalimu mkuu ahesabu kwa tarehe kamili, na mara nyingi hapo ubishi unaisha.

Mpira ndo sehemu pekee ninayoijua ambapo dakika zile zinaleta tofauti ya kweli na huwezi kuibishia. Mashindano ya vijana ya FIFA yanakata umri tarehe 1 Januari. Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la 2025 lilikuwa la waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2008. Maana yake pacha aliyezaliwa 31 Desemba 2007 saa 5:51 usiku hakuruhusiwa, na mwenzake wa 1 Januari 2008 saa 6:14 usiku aliruhusiwa. Kwahiyo kama wanao wana miguu ya mpira, jueni kwamba Kulwa anatoka kwenye kila kundi la umri mwaka mzima kabla ya Doto. Inauma, lakini usijaribu kumpunguzia.

Namba ya NIDA inaanza na tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, kwahiyo ya Kulwa itaanza 20251231 na ya Doto 20260101. Kuanzia hapo tarehe inaenda nayo kila sehemu, laini ya simu, benki, ajira. Ndo ujue kwanini nimeng'ang'ania ule mstari wa usiku wa kwanza.

Likitokea tatizo

*Muajiri anakataa siku za uzazi za mapacha.* Sheria ya ajira inampa mama siku 84 akijifungua mtoto mmoja na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Afisa akiona vyeti vina miaka miwili anaweza kudhani ni watoto wa mimba mbili au kwamba sio "wakati mmoja". Mpelekee matangazo ya kizazi yanayosema pacha wa kwanza na wa pili pamoja na kadi ya RCH 4 ya mimba hiyo. Ni uzazi mmoja, tarehe za watoto haziugawi.

*Walizaliwa nyumbani au njiani.* Aliyekuwepo ndo shahidi wenu. Andikeni muda mapema kabla kumbukumbu haijachuja, kisha nendeni kwa mtendaji wa kijiji au kata kupata tangazo, na mama na watoto wapelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo wakaangaliwe. Kama mmoja alitokea nyumbani na wa pili hospitali, mwambie nesi anayempokea mama muda wa yule wa kwanza auandike kwenye karatasi za mapokezi.

*Hakuna aliyeangalia saa.* Inatokea, mambo yakiwa magumu hakuna mwenye muda wa saa. Angalieni vitu vilivyoandikwa karibu na muda ule: patografu, muda wa sindano ya kuzuia damu anayochomwa mama baada ya kujifungua, muda wa kuingia chumba cha upasuaji, simu iliyopigwa kwa baba. Mkunga ndo anaamua na kusaini, sio ndugu.

*Cheti kimeshatoka na kimekosewa.* Usikifute wala usiandike juu yake, ukifanya hivyo umekiharibu kabisa. Nenda na cheti, tangazo la kizazi na kadi ya kliniki kwa msajili wa wilaya, yupo ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Nyamagana kivyake na Ilemela kivyake, kwahiyo angalieni mtoto alisajiliwa wilaya gani. Kama tangazo liko sahihi na kosa ni la kunakili kwenye cheti, kazi ni nyepesi. Kama tangazo lenyewe ndo limekosewa, anzieni kituo alichozaliwa, ombeni waangalie kitabu cha uzazi cha usiku ule wawaandikie barua yenye tarehe na saa kama zilivyo kitabuni, ndo muende kwa msajili, na jiandaeni kutakiwa kiapo. Kama vyeti vyote viwili vina kosa pelekeni vyote kwa pamoja. Kimoja kikirekebishwa peke yake, mtaulizwa upya kuhusu cha pili.

*Kitabu cha wodini nacho kimekosewa.* Hapa lile daftari lako dogo na plasta ya mkononi, kama uliitunza, ndo vinafanya kazi. Muone mganga mfawidhi wa kituo mapema, ikiwezekana wiki hiyohiyo, mkunga aliyezalisha akiwa bado yupo zamu na anakumbuka. Ikipita miezi mkunga ameshahamishiwa Kwimba au Magu, na kumpata asaini ni safari nyingine.

*Sistimu inagoma kuandikisha mapacha wenye miaka tofauti.* Kila mtoto anasajiliwa peke yake, na tarehe zenu zikiwa sahihi hakuna sababu ya kugoma. Kwa kawaida kinachogoma ni tarehe ambayo haijafika, ile 31/12/2026, au jina la mama limeandikwa tofauti kwenye fomu mbili. Muombe afisa akusomee alichoingiza, herufi kwa herufi na namba kwa namba, mara nyingi kosa litajionyesha akiwa bado anasoma.